Sola, LUKU na jenereta kwa karakana ya cherehani Ngamiani

Swali: Shikamoo fundi. Nina karakana ya ushonaji Ngamiani, Tanga. Nina vyerehani viwili vya mota, overloki moja, pasi ya umeme, taa nne na feni. LUKU nanunua kama elfu 60 kwa mwezi. Umeme hukatika mara mbili tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne au tano, na hapo nawasha jenereta. Petroli na oili zinafika laki na nusu kwa mwezi. Fundi mmoja ameniandikia sola ya milioni 4.6: paneli nne za wati 300, betri mbili za jeli za ampia-saa 200 na inveta ya kilowati 3. Anasema nitaachana kabisa na TANESCO. Je, nikubali?

Jibu:

Marahaba, binti yangu. Usiikubali karatasi hiyo kama ilivyo. Vifaa vyenyewe si vibaya, ila ahadi iliyoandikwa juu yake haiwezi kutimia. Sola ya kiasi hicho itakuondolea jenereta karibu lote. TANESCO haitakuondolea, na wala huna sababu ya kuiondoa.

Anza na risiti yako ya LUKU. Kama uko kwenye tarifu ya T1, kama ilivyo biashara nyingi ndogo, shilingi 10,000 inakupa uniti 28 hivi, yaani kila uniti ni karibu shilingi 356 pamoja na kodi na tozo zake. Kwa hiyo elfu 60 ni kama uniti 168 kwa mwezi. Ukizigawa kwa siku 26 za kazi unapata uniti 6.5 kwa siku. Iandike namba hiyo ukutani, maana ndiyo itakayotuambia kama fundi wako amepiga hesabu au amekisia.

Sasa tazama paneli zake. Nne za wati 300 ni wati 1,200. Hapa kwetu jua linawaka mchana kutwa, lakini kwa hesabu ya sola tunahesabu saa za jua kamili tu, kwa sababu asubuhi na alasiri paneli hutoa kidogo. Mimi nikipanga kazi ya mtu anayetegemea riziki, Tanga nachukua saa 4, ili masika isije ikaniaibisha. Kisha naondoa robo nzima ya kinachopatikana: paneli ikichemka juu ya bati nguvu yake hupungua, vumbi na chumvi ya bahari huchukua sehemu yake, waya na inveta nazo hula chao. Wati 1,200 mara saa 4, ukitoa robo, ni uniti 3.6 kwa siku. Wewe unatumia 6.5. Siku ya mvua ya kutwa ya mwezi wa nne utapata uniti moja na kitu. Kama ungekuwa umekata TANESCO, saa nane mchana vyerehani vingekuwa vimesimama na wateja wa sare wamekaa barazani.

Ili uachane na TANESCO kweli ungehitaji paneli mara mbili au zaidi ya hizo, na betri za kukuvusha siku mbili za mawingu. Betri ndizo ghali. Ungemwaga mamilioni mengi ili kuokoa elfu 60 kwa mwezi, na kila baada ya miaka kadhaa ungerudi kununua betri tena. Uniti ya shilingi 356 ni ngumu sana kuishinda kwa betri. Anayeishi kijiji kisichofikiwa na nguzo ana hesabu nyingine kabisa. Wewe nguzo iko mlangoni.

Jenereta ndilo linalokumaliza. Kwa maelezo yako linawaka kama saa 50 kwa mwezi. Tukichukua petroli kwa shilingi 3,000 lita (EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na Tanga ina bei yake kwa kuwa mafuta yanashuka bandarini kwetu), na tukiacha elfu 15 kwa oili na plagi, basi unachoma lita 45. Mzigo wako wote, pasi ikiwaka na kuzimika, ni wastani wa kilowati moja na kidogo. Kwa saa 50 unapata kama uniti 55. Gawanya: petroli peke yake inakupa uniti kwa shilingi 2,450, karibu mara saba ya LUKU. Na hapo mafundi wako watatu wanashona. Siku ambayo yuko mmoja na overloki imelala, uniti hiyo hupanda zaidi, kwa sababu jenereta dogo hata likinguruma bila mzigo bado hunywa mafuta mengi.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: ni vifaa gani vya chini kabisa vitakavyovusha mafundi wangu saa tano bila kuwasha jenereta? Jibu lake linaanzia kwenye mota za vyerehani.

Nenda karakana mchana huu, washa cherehani kimoja, halafu toa mguu kwenye pedeli usishone. Ukisikia mota inaendelea kuvuma chini ya meza, hiyo ni mota ya klachi. Inazunguka saa zote, mguu wako unashika na kuachia tu. Nimezipima hizo kwa kipima wati cha kuchomeka kwenye soketi: zilizoandikwa wati 400 hula kati ya 150 na 200 hata fundi akiwa anakata uzi au anaongea na mteja. Na fundi cherehani, kama ujuavyo, muda mwingi hashoni. Anapanga kitambaa, anageuza, anapima. Kuna mota ya kisasa, ya servo, ambayo ukitoa mguu inanyamaza kabisa na ukikanyaga inaondoka polepole. Hiyo kwa kazi ya kawaida ya karakana hula wastani wa wati 70 hivi. Inafungwa pale pale ilipokuwa ya zamani, kwa boliti tatu na mkanda.

Angalia inavyobadilisha mambo. Kwa mota za klachi, vyerehani vitatu ni wati 600, taa na feni kama 100, jumla 700. Kwa saa tano ni uniti 3.5. Kwa mota za servo ni 210 na 100, jumla wati 310, na saa tano ni uniti 1.55. Ongeza kinacholiwa na inveta yenyewe, sema 1.9. Betri unayohitaji imepungua karibu nusu kabla hujanunua chochote cha sola. Na kuna jambo la pili ambalo mafundi wengi wa sola hawalitaji: mota ya klachi inapoondoka hunyakua umeme mara tatu hadi sita ya kiwango chake kwa kitambo kidogo. Zikiondoka mbili pamoja, inveta ndogo hulia na kuzima. Mota za servo hazina vurugu hiyo.

Tena mota hizo zinakulipa hata umeme ukiwepo. Kila moja ikiokoa wati 130 kwa saa nane, zote tatu ni kama uniti 3 kwa siku, yaani karibu shilingi 28,000 kwa mwezi kwenye LUKU yako. Hapo sijagusa paneli hata moja.

Pasi sasa. Pasi ya wati 1,000 ikiwa kwenye betri ya volti 24 inavuta zaidi ya ampia 40. Hata ikijizima na kujiwasha, saa moja ya kupiga pasi inakula nusu uniti, ambayo ni robo ya akiba yako yote. Usibishane na mafundi kila siku kuhusu jambo hili. Mwambie atakayefunga nyaya aiweke soketi ya pasi kwenye laini yake, inayotoka moja kwa moja kwenye mita bila kupitia inveta. Umeme ukikatika, pasi inakufa yenyewe, na cherehani zinaendelea. Nguo zinazosubiri pasi zining'inizwe mpaka umeme urudi. Na ya harusi isiyosubiri, ipo pasi ya mkaa. Mama mmoja wa Chumbageni ninayemfahamu hutia makaa ya vifuu vya nazi, hukaa na moto muda mrefu, na hupiga pasi uani upande ambao upepo hauleti cheche kwenye kitambaa. Yeye hata umeme ukiwepo haiachi.

Baada ya hapo, betri. Zile mbili za jeli za fundi wako zikiunganishwa ni volti 24 na ampia-saa 200, kwenye karatasi ni uniti 4.8. Lakini betri ya jeli ukiitoa zaidi ya nusu mara kwa mara unaifupishia maisha, kwa hiyo hesabu 2.4. Na joto letu linaiumiza pia: kila nyuzi 8 hadi 10 zinazozidi 25, maisha yake hupungua karibu nusu. Betri ya jeli iliyowekwa kwenye stoo ya bati isiyo na dirisha, Tanga, mwezi wa pili, sitegemei ifike mwaka wa nne. Betri ya lithiamu ya volti 24 na ampia-saa 100 inabeba kama uniti 2.5, unaweza kutumia asilimia 80 bila wasiwasi, yaani uniti 2. Nawe unahitaji 1.9. Inatosha, ila imebana, kwa hiyo usije ukaongeza friji ya soda mwezi ujao ukanilaumu mimi. Bei ya lithiamu ni kubwa siku ya kununua, lakini kwa matumizi ya kutoa na kujaza mara tatu kwa wiki ndiyo ninayomfungia mtu wa karakana.

Ukiamua jeli hata hivyo, nenda dukani na mizani. Betri ya kweli ya volti 12 na ampia-saa 200 ina uzito wa kilo 55 hadi 65, kwa sababu uwezo wake uko kwenye risasi iliyo ndani. Ukiikuta ina kilo 38, hiyo ni ya 120 iliyobandikwa lebo ya 200. Paneli nazo pima kwa futi ya ushonaji uliyonayo shingoni. Paneli nzuri ya sasa hutoa kama wati 200 kwa kila mita moja ya mraba. Ikiandikwa wati 400 lazima ikaribie mita 2 za mraba, kwa mfano urefu mita 1.7 na upana mita 1.13. Ukipima ukapata mita za mraba moja na robo, muuzaji anakuuzia karatasi ya nyuma.

Sasa naomba nikwambie jambo ambalo linaweza kukushangaza likitoka kwa mtu anayefunga sola. Kati ya vitu vyote hivi, paneli ndizo zinazoweza kusubiri. Betri ya uniti 2 ukiijaza kwa LUKU usiku inakugharimu chini ya shilingi 1,000, na asubuhi uko tayari kwa katizo la saa tano. Paneli zinakusaidia mahali pawili: zinapunguza LUKU kwa kiasi, na siku umeme ukikatika asubuhi ukarudi magharibi zinakusukuma mbele wakati betri peke yake ingekuwa imeisha saa tisa. Kwa sababu hiyo ya pili ningekushauri uweke mbili za wati 400 kama fedha ipo. Kwa hesabu ile ile ya saa 4 na kutoa robo zinatoa uniti 2.4 kwa siku. Fedha ikipungua, anza na mota, inveta na betri, halafu paneli zije baada ya Idi au msimu wa sare za shule.

Tujumlishe kwa bei za mfano, nawe uzibadilishe kwa bei utakazopewa. Mota tatu, laki 5 na elfu 40. Betri ya lithiamu, milioni 1.5. Inveta ya kilowati 3 yenye chaja ya umeme na ya sola ndani yake, laki 9. Paneli mbili, laki 5. Nyaya, breka, vyuma vya juu ya bati na ufundi, laki 5. Jumla ni milioni 3.94. Upande wa pili, laki na nusu ya jenereta inabaki elfu 20, kwa hiyo umeokoa 130,000. Mota zimeokoa 28,000. Paneli, tukihesabu uniti 2 tu kwa siku ya kazi, zimeokoa kama 18,000. Toa 7,000 ya kujaza betri baada ya makatizo. Unabaki na 169,000 kwa mwezi, na fedha yako inarudi kwa miezi 23 hivi. Lakini umeme wenu ukitulia, ukawa unakatika mara moja kwa mwezi, hesabu hii inavunjika: mota za servo zinabaki kuwa na faida, betri inakuwa mzigo. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, chukua daftari uandike makatizo ya wiki sita, saa ya kukatika na saa ya kurudi. Kumbukumbu ya kichwani huongeza, kwa sababu tunakumbuka siku tulizoumia.

Inveta iwe ya wimbi safi. Zile za bei rahisi za wimbi la kukatakata taa zitawaka vizuri, lakini feni itavuma na mota za klachi zitachemka. Na mpangilio wake ndani ndio unaoharibu kazi nyingi nzuri. Niliwahi kuitwa na kinyozi wa Makorora aliyesema ameuziwa betri mbovu: kila umeme ukikatika jioni, mashine zinakufa baada ya dakika ishirini. Betri ilikuwa nzima. Aliyefunga aliiacha inveta kwenye `SBU`, yaani jua kwanza, kisha betri, TANESCO mwisho. Kwa hiyo mchana kutwa ilikuwa inakunywa betri wakati umeme upo, na likija katizo la saa kumi na moja inakuta tone. Nilibadilisha herufi hizo tu, sikuuza kitu.

Kwenye inveta nyingi ndogo za aina hii, menyu namba `01` ndiyo inayoamua nani atangulie. Wewe weka `SUB`: jua litangulie, TANESCO ijazie pengo, betri iguswe tu umeme ukikosekana. Menyu namba `16` inaamua nani aijaze betri. Weka `SNU`, ili jua na TANESCO zijaze pamoja. Fundi akiacha `OSO`, betri itajazwa na jua peke yake, na wiki ya mvua itakukuta mtupu ingawa LUKU ina uniti. Mwambie akuonyeshe kioo na herufi hizo kabla hajashuka ngazi, na uzipige picha kwa simu.

Juu ya bati, paneli zielekee kaskazini kwa sababu sisi tuko kusini mwa ikweta, na zilale nyuzi kama 10 ili mvua izioshe. Mwelekeo si jambo la kufa na kupona Tanga, kivuli ndicho. Nguzo, tawi la mwembe au tangi la maji la jirani likitupa kivuli kwenye kona ya paneli moja, zote mbili zilizounganishwa mfululizo zinaweza kudhoofika. Panda mwenyewe, au mtume kijana, saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa, mtazame vivuli vinapita wapi. Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Hewa ya chumvi hula zile za kawaida haraka, na paneli iliyolegea siku ya kusi ni hatari kwa wapita njia. Waya wa betri kwenda kwenye inveta uwe mfupi na mnene, milimita 35 za mraba, na fyuzi ikae karibu na betri. Waya mwembamba utaujua kwa kuushika mafundi wakiwa wanashona: ukiwa wa moto, si wake.

Jenereta usiliuze. Transfoma ya mtaa ikiungua siku tatu masika, utaliwasha saa mbili au tatu likijaza betri huku pasi ikifanya kazi ya siku nzima, likiwa limebeba mzigo unaostahili mafuta yake. Mwambie fundi apunguze ampia za chaja kwenye inveta mpaka jenereta lisikohoe, na lijaribiwe siku hiyo hiyo, maana baadhi ya inveta huukataa umeme wa jenereta dogo usiotulia. Liunganishwe kwa swichi ya kubadilishia, isiyoruhusu TANESCO na jenereta kukutana. Kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani, kama nilivyokuta kwenye maduka kadhaa, hupeleka umeme mpaka kwenye nguzo, na aliye juu ya nguzo anatengeneza kwa imani kwamba waya umekufa.

Malipo ya mwisho usitoe siku ya kufunga. Ngoja betri ijae, kesho yake asubuhi mapema zima swichi kuu pamoja na swichi ya paneli, waite mafundi wote watatu washone kazi za kawaida, taa na feni zikiwaka, na uangalie saa. Kama ni betri uliyolipia, saa ya tano inawakuta bado wanashona. Ikizimika saa ya tatu, mpigie fundi aje aione mwenyewe kabla hujaiwasha tena.